Kusoma siku za ng'ombe asiyeshika mimba

Ng'ombe anayezaa Ihembe, Karagwe, mwishoni mwa Mei huzaa majira magumu. Masika yanakatika, majani ya kando ya shamba bado ni mabichi, na wiki za mwanzo maziwa yanamiminika hadi mwenye ng'ombe anaona mwaka huu ameula. Kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaingia, na kinaingia wakati uleule ambao mwili wa ng'ombe unadai chakula kuliko wakati mwingine wowote, yaani kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa, maziwa yanapofika kileleni.

Nitamfuata ng'ombe mmoja wa namna hiyo tangu siku aliyozaa. Ni ng'ombe wa mfano, ila yanayompata ndiyo yanayowapata ng'ombe wengi wa Karagwe na Kyerwa. Ni chotara wa Friziani na Ankole, uzao wa tatu, yuko peke yake katika banda lililojengwa ndani ya migomba. Amezaa jike tarehe 20 Mei. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280, kwa hiyo ili azae tena ndani ya mwaka anapaswa kushika mimba kabla ya siku ya 85. Kwake yeye siku ya 85 ni tarehe 13 Agosti, katikati ya vumbi. Wachache wanaofugwa hivi huiwahi tarehe hiyo, na sioni sababu ya mfugaji kujilaumu akifika siku ya 100 au 120. Lakini huyu wetu alifika Septemba bila mtu kumwona na dalili yoyote ya joto, na hapo ndipo pa kuanza kuuliza.

Swali la kwanza ni kama joto halikuja au halikuonekana. Haya ni matatizo mawili yenye dawa tofauti kabisa, na kwa ng'ombe anayefugwa ndani la pili ni la kawaida sana. Joto la ng'ombe hudumu saa 12 hadi 18 tu, na mara nyingi huanza usiku au alfajiri. Kundini wenzake wangemdandia, naye angesimama tuli akubali, na kila mtu angejua. Aliyefungwa peke yake hana wa kumdandia. Anachoweza kufanya ni kulia, kutotulia, kuacha majani kwenye hori na kupunguza maziwa asubuhi hiyo. Uke huvimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute maangavu unaoonekana kama utomvu mwembamba hushuka ukining'inia au hukauka mkiani. Mwenye nyumba aliyeondoka saa 12 kwenda kupalilia maharage na kurudi saa 9 alasiri anaweza kukosa yote hayo. Aliyekamua asubuhi ameona maziwa yamepungua nusu lita, akadhani ni chakula.

Ipo dalili moja inayokuja kwa kuchelewa na ambayo wengi huitupa: damu kidogo ukeni au mkiani. Ng'ombe wengi huitoa siku 2 au 3 baada ya joto kuisha. Haimaanishi kwamba mimba imeshika wala kwamba imetoka. Inasema joto lilikuwepo juzi na limepita. Ukiiandika tarehe hiyo, unajua kwamba joto lijalo litakuja baada ya siku 18 au 19 hivi, na kwa siku mbili tatu hizo mtu mmoja wa nyumbani abaki karibu na banda alfajiri na usiku kabla ya kulala.

Ikiwa siku 60 zimepita na hakuna dalili yoyote, mwite mtaalamu wa mifugo apime kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Jambo la kwanza analolitafuta ni mimba. Ng'ombe aliyekata kamba usiku mmoja wa Juni na kukutana na dume la jirani haji tena joto kwa sababu nzuri kabisa, na sindano ya kumleta kwenye joto ingeitoa mimba hiyo. Baada ya hapo hugusa kokwa za mayai. Akikuta kokwa moja ina kinundu, lile donge la manjano linaloota mahali yai lilipotokea, basi mzunguko upo na tatizo ni macho yetu. Akikuta kokwa zote mbili ndogo, laini, hazina kitu, basi mzunguko umesimama kweli. Mara chache hukuta kizazi kimejaa usaha, au kokwa yenye lengelenge kubwa lililogoma kupasuka. Hizo ni kesi za mtaalamu, na zinatibika zikiwahiwa.

Ng'ombe wetu alikutwa na kokwa ndogo, laini. Ukimtazama kwa nyuma mifupa ya nyonga imechongoka, shimo limeingia pande zote mbili za shina la mkia, na mbavu fupi za kiunoni unaweza kuzihesabu kwa jicho. Wataalamu humpa ng'ombe alama kuanzia 1, mkondefu kabisa, hadi 5, aliyenona kupita kiasi. Anayefaa kuzaa huwa na 3 au zaidi kidogo. Huyu alizaa akiwa na karibu 3, na Septemba amebaki chini ya 2. Mwili wenye hali hiyo hufunga uzazi. Uhai wa ng'ombe mwenyewe unapewa nafasi ya kwanza, maziwa ya ndama aliyezaliwa ya pili, na mimba mpya inasubiri.

Sasa tuangalie alichokuwa anakula. Kiangazi cha Karagwe kinapobana, kinachobaki karibu na nyumba ni mgomba. Ndizi imevunwa, shina limekatwakatwa, limewekwa horini, na ng'ombe anakula hadi tumbo linajaa. Hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa, kwa sababu shina la mgomba ni maji zaidi ya asilimia 90. Chotara wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, ukiondoa maji yote yaliyomo. Kilo 12 hizo anaweza kuzipata katika kilo 60 hivi za matete mabichi. Akitegemea mashina ya mgomba angehitaji karibu kilo 200, na hakuna tumbo la ng'ombe linaloweza kubeba mzigo huo. Ukimpa kilo 50 za shina umempa kama kilo 3 za chakula, tena chenye protini kidogo mno. Anashiba, halafu anakonda.

Simwambii mfugaji aache shina la mgomba. Lina maji, na pale ambapo maji huchotwa bondeni na kupandishwa kwa madumu hilo si jambo dogo, maana ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita 40 hadi 80 kwa siku. Ila shina liwe nyongeza. Chakula chenyewe cha kiangazi hutayarishwa masika na vuli. Karagwe inalima maharage mengi, na mabua na maganda yake, yakianikwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu, ni bora mara nyingi kuliko shina. Marando ya viazi vitamu yana protini nzuri. Mstari wa kaliandra au lukina kwenye mpaka wa shamba, ukikatwa kwa zamu, unatoa majani mabichi hata Julai. Pumba za mahindi kilo 2 zikichanganywa na mashudu kidogo ya pamba au alizeti kila unapokamua zinabadilisha hali ya mgongo ndani ya wiki chache, na chumvi ya madini ya ng'ombe isikosekane horini, kwa kuwa upungufu wa fosforasi pekee unatosha kuzima joto.

Lakini chakula kina deni la muda. Yai linalotoka leo lilianza kukua miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo njaa ya Julai inaonekana Septemba, na ulaji mzuri wa Septemba utalipwa Novemba. Ndiyo maana naamini kazi kubwa hufanywa kabla ya kuzaa. Ng'ombe akaushwe maziwa siku 60 kabla, na siku hizo zisiwe za kumsahau kwa kuwa hana cha kukamuliwa. Zinampa akiba atakayoila baadaye.

Kuna pia ndama. Damu ya Ankole inampa chotara wetu tabia ya kukataa kuteremsha maziwa bila ndama kuwepo, na mwenye ng'ombe akaona njia rahisi ni kuwaacha wakae pamoja mchana kutwa. Ndama anayenyonya wakati wote, na hata kumwona na kumnusa tu, huifanya akili ya ng'ombe izuie homoni inayopasua yai. Dawa yake haigharimu kitu: ndama afungwe mahali ambapo mama yake hamwoni, aletwe wakati wa kukamua asubuhi na jioni, anyonye sehemu yake, arudishwe. Hili hufanya kazi kwa ng'ombe mwenye hali nzuri ya mwili. Kwa aliyekonda peke yake halitoshi.

Mvua za vuli zilianza Septemba, majani yakarudi, ndama akatengwa. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba, siku ya 139 tangu azae, ng'ombe alilia bandani na ute ukaonekana. Akapelekwa kwa dume la kijiji. Tatizo la kwanza limekwisha, na la pili lilianza siku hiyohiyo.

Tarehe 27 Oktoba alirudi kwenye joto. Akapandishwa tena na dume lilelile. Tarehe 29 Novemba alirudi tena, akapandishwa kwa mara ya tatu. Tarehe 30 Desemba akarudi. Ng'ombe aliyepandishwa mara 3 au zaidi bila kushika mimba, huku joto linakuja na hana ugonjwa unaoonekana, ndiye tunayemwita mrudiaji. Majirani watakuwa na ushauri tayari, kuanzia kumwagia maji baridi mgongoni hadi kumuuza. Kabla ya yote hayo fungua daftari, uhesabu siku kati ya joto moja na jingine, kwa sababu siku hizo zina habari ambayo hata mkono wa mtaalamu hauioni.

Mzunguko wa kawaida ni siku 21, na kati ya 18 na 24 tunauhesabu kuwa sawa. Ng'ombe anayerudi ndani ya siku hizo ama yai halikurutubishwa, ama kiumbe kilikufa mapema sana. Mimba changa humtambulisha mama kuwa ipo mnamo siku ya 16 au 17. Ikifa kabla ya hapo, kizazi hakijui kwamba kulikuwa na kitu, na joto linarudi kwa wakati wake. Ikifa baada ya hapo, joto linachelewa, na utaliona siku ya 28, 33, hata 40. Akirudi kati ya siku ya 36 na 48 unapaswa kusita, kwa kuwa inawezekana ni mizunguko miwili na joto la katikati lilipita bila kuonekana. Akirudi kabla ya siku ya 17, kuna uwezekano kwamba mojawapo ya siku ulizoita joto haikuwa joto, au kokwa ina lengelenge.

Hesabu za ng'ombe wetu ni hizi: 6 hadi 27 Oktoba ni siku 21. 27 Oktoba hadi 29 Novemba ni siku 33. 29 Novemba hadi 30 Desemba ni siku 31. Ile 21 haisemi mengi, maana hata ng'ombe na dume wazima wakikutana kwa wakati mwafaka, mara nyingi mimba haishiki kwa mara ya kwanza. Lakini 33 na 31 ni ndefu kwa mzunguko mmoja na fupi kwa miwili. Zinasema mimba iliingia, ikakaa kidogo, ikafa. Mara mbili mfululizo.

Hapo mtaalamu mzuri anamgeukia mwenye ng'ombe: "Mama, na ng'ombe wa majirani waliokwenda kwa dume hilo, wameshika?" Swali hili moja linagawa njia. Kama wa jirani wote wameshika na huyu tu anarudia, tatizo limo ndani ya kizazi chake. Kama na wao wanarudia, tena kwa siku ndefu zisizo na mpango, au mmoja ametoa usaha wiki kadhaa baada ya kupandishwa, dume ndilo la kushukiwa. Dume linalozunguka nyumba kwa nyumba hubeba magonjwa ya kupandana, hasa yanayosababishwa na kijidudu cha trikomonasi na bakteria wa kampilobakta. Dume lenyewe halionyeshi chochote. Linakula, linapanda, lina nguvu. Vijidudu vimejificha katika mikunjo ya govi lake na dume lenye umri huvibeba maisha yake yote, wakati ng'ombe jike wengi huvitoa wenyewe wakipumzishwa miezi mitatu hivi bila kupandishwa.

Kuthibitisha kunahitaji maji ya kuoshea govi la dume yapelekwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza kinachohudumia Kanda ya Ziwa, na ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo inayopanga sampuli zifikeje. Jibu moja la "hakuna" halimwoshi dume. Kwa trikomonasi kawaida hupimwa mara 3, kila baada ya wiki moja. Dume lililothibitika lichinjwe. Najua uzito wa maneno haya kwa mwenye dume ambaye watu kumi wanamtegemea, lakini kulihamishia kijiji kingine ni kupeleka ugonjwa kwa watu wengine.

Damu ya ng'ombe nayo ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Brusela kwa kawaida hutoa mimba kubwa, baada ya mwezi wa 5, kwa hiyo hailingani na siku 33 za huyu. Naitaja kwa sababu humwingia mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa na kupitia mikono mitupu inayoshika mimba iliyotoka au zalio.

Na zalio ndilo la kuulizia kama jirani hawana tatizo. Lilitoka lini? Likikaa zaidi ya saa 24 baada ya kuzaa, kizazi kinaoza ndani, na anayelivuta kwa nguvu au kulifungia jiwe hulikata vipande vinavyobaki. Kizazi huhitaji kama siku 40 kurudi katika hali yake, na pale ambapo uchafu ulibaki, uvimbe mdogo unaweza kuendelea kwa miezi bila usaha kuonekana nje. Dalili yake ni ndogo. Ute wa joto, badala ya kuwa maangavu, una chembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Uchukue kwenye kiganja siku ya joto, uutazame kwenye mwanga wa jua. Ukiwa na chembe hizo usimpandishe siku hiyo, atibiwe kwanza.

Ute wa ng'ombe wetu ulikuwa maangavu, na ng'ombe wawili wa majirani walikuwa wanarudia. Uamuzi ukawa kumpumzisha. Joto la 30 Desemba likaachwa lipite, la 20 Januari likapita, la 10 Februari likapita, yote yakaandikwa. Joto la tarehe 3 Machi lilikuwa la uhimilishaji, kwa mbegu zinazotoka kwenye kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, ambazo hazina magonjwa ya dume la kijiji.

Uhimilishaji nao una mahali pake pa kuharibikia, na karibu pote ni muda. Yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha, na mbegu zinatakiwa ziwe zimekwisha kufika. Aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Simu kwa mhimilishaji ipigwe dalili inapoonekana tu, maana barabara za milimani na mvua ya Machi zitakula saa mbili tatu zako. Mwenye ng'ombe ana haki ya kusimama na kutazama. Mrija unatolewa kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, unawekwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, unafutwa ukauke, na ndani ya dakika 15 mbegu ziwe zimewekwa mara tu baada ya mlango wa kizazi. Mrija uliopashwa kwapani, au mtungi ambao naitrojeni yake imekaribia kuisha, hutoa mbegu zilizokufa, na ng'ombe mzima ataitwa mrudiaji kwa kosa lisilo lake.

Kuhusu sindano za prostaglandini, ambazo wengi huziomba kwanza: hufanya kazi pale tu ambapo kile kinundu cha manjano kipo na kimekomaa, yaani kuanzia siku ya 5 au 6 ya mzunguko hadi kama siku ya 17, na joto hufuata kati ya siku 2 na 5. Kwa ng'ombe mwenye kokwa tupu wa Septemba ile, fedha hiyo ingekwenda bure. Ingenunua pumba.

Baada ya tarehe 3 Machi kazi ni kuangalia. Tarehe 21 hadi 27 Machi mtu awepo bandani alfajiri na usiku. Asiporudi, apimwe mimba kwa mkono mwezi Mei, siku 60 hadi 90 tangu apandishwe, kwa sababu kutorudi pekee si ushahidi. Akiwa nayo atazaa karibu na tarehe 8 Desemba, siku 567 tangu uzao uliopita, zaidi ya miezi 18. Akirudi tena, mara ya nne, na ute ni safi, hali ya mwili ni nzuri na mbegu ni nzuri, ajaribiwe mara moja zaidi kwa sindano ya kusaidia yai kupasuka siku ya kuhimilishwa. Ikishindikana auzwe bucha akiwa bado na nyama, na yule jike wake wa Mei, aliyekwisha fikisha mwaka, alishwe vizuri achukue nafasi. Asiuzwe mnadani kwa mfugaji mwingine.

Akizaa Desemba, siku yake ya 85 inaangukia tena tarehe 3 Machi, masika yakiwa yanaanza na majani yakichipua kando ya migomba.